Gari limeanza kutetema baada ya kufungwa matairi mapya: maswali tunayoulizwa gereji Malindi

Fundi, gari lilikuwa sawa kabisa asubuhi. Nimefunga matairi mapya manne, na sasa nikifika 90 usukani unatetema. Nimeuziwa matairi mabovu?

Inawezekana, lakini hilo si la kwanza kulifikiria. Tairi jipya lenye kasoro ya kiwandani lipo, ila ni nadra kuliko kazi iliyofanywa mbio. Ukibadilisha matairi, hubadilishi mpira tu. Gurudumu limetolewa kwenye habu, tairi la zamani limeng'olewa kwenye rimu, jipya limepandishwa, likabalansiwa, kisha gurudumu likarudishwa, na pengine si mahali lilipotoka. Kila hatua kati ya hizo inaweza kuleta mtetemo ambao jana haukuwepo.

Kwa hapa pwani, sisi tunaanza kwenye habu: pale bati la rimu linapokutana na chuma cha gari. Balansi huwa ya pili. Sababu ya mpangilio huo utaiona chini.

Nitajuaje kama ni magurudumu ya mbele au ya nyuma?

Usukani ukitetema mkononi, tatizo kwa kawaida liko mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na sakafu vikatetema, angalia nyuma. Zingatia pia mwendo. Kukosa balansi huanza kusikika karibu na 80 hadi 90 na kuzidi kadiri unavyoongeza mwendo, na wakati mwingine hupungua ukipita mwendo fulani. Kama gari linaruka-ruka tangu 40 au 50, kama vile linapita juu ya kitu kilekile tena na tena, hapo tairi au rimu haiko duara sawasawa, au tairi halijakaa kwenye rimu.

Kama unahisi mtetemo unapokanyaga breki tu, hiyo ni habari ya diski, tutaigusa kwenye swali la nati.

Na hili tunaliona sana kwa madereva wa matatu: gari limefungiwa kidhibiti mwendo cha 80, kwa hiyo dereva hasikii chochote. Siku mwenye matatu akipeleka gari lake dogo likafungwe matairi kwenye duka lilelile, ndipo lawama zinaanza.

Nimerudi dukani mara mbili. Mashine ya balansi inasoma sifuri pande zote. Mbona gari bado linatetema?

Kwa sababu mashine inapima gurudumu likiwa kwenye mashine. Haijui gurudumu hilo litakaaje kwenye gari lako. Sifuri ile ina maana moja tu: gurudumu, lilivyobanwa pale kwenye mhimili wa mashine, halina upande mzito. Likibanwa vibaya mashineni, sifuri ni ya uongo. Likibanwa vizuri mashineni halafu likakaa upande kwenye habu, sifuri ni ya kweli lakini haikusaidii.

Tuanze na la mashine. Gurudumu huwekwa katikati kwa koni inayoingia kwenye tundu la kati la rimu. Koni ikiwa na mchanga, tundu likiwa na kutu, au fundi akichagua koni ya saizi isiyofaa, gurudumu linakaa pembeni kidogo. Kidogo kiasi gani? Gurudumu la gari dogo lenye tairi la 195/65R15 lina uzito wa kama kilo 16. Likikaa pembeni kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya kawaida, mashine itasoma kama gramu 8 ambazo hazipo. Fundi atabandika kizito cha gramu 8 kusahihisha kosa la koni, na gari litabeba kizito hicho barabarani.

Kuna jaribio moja unaloweza kuliomba, na halichukui hata dakika mbili. Mashine ikishasoma sifuri, mwambie fundi alegeze gurudumu, alizungushe nusu duara juu ya mhimili bila kuzungusha mhimili wenyewe, alibane tena na kulipima upya. Kama bado ni sifuri au gramu 5 hivi, kazi ni safi. Kama sasa inasoma 20, gurudumu halikuwa katikati. Kosa halisi ni nusu ya namba hiyo, gramu 10, kwa sababu ukiligeuza, kosa la kwanza na la pili zinajumlishwa. Dawa ni kusafisha koni na tundu, kubadilisha koni na kuanza upya. Kuongeza kizito kingine hapo ni kuongeza kosa.

Fundi akikataa jaribio hilo kwa hoja kwamba mashine yake ni mpya, nenda kwingine. Upya wa mashine haumzuii mtu kuweka koni yenye mchanga.

Mambo mengine ya mashine ni mepesi kuyaona kwa macho. Vizito vya zamani vyote vinapaswa kutolewa kabla ya kupima. Tope lililokauka ndani ya rimu linapaswa kukwanguliwa, maana likibalansiwa pamoja na gurudumu, siku litakapobanduka njiani balansi imeondoka nalo. Magari yanayoshinda barabara za vumbi za Ganda na Kakuyuni hufika kwetu na tope kama hilo upande wa ndani, usipochungulia huwezi kuliona.

Gramu 20 au 30 kweli zinaweza kutikisa gari la zaidi ya tani moja?

Zinaweza. Kizito cha gramu 30 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, gari likiwa 100 kwa saa, kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Na kinavuta kila mzunguko, yaani karibu mara 14 kwa sekunde. Kwa mwendo wa 50 nguvu hiyo inashuka hadi robo yake, kilo moja na kitu, ndiyo maana ukizunguka mjini husikii lolote, ila ukishapita Gede kuelekea Kilifi unaanza kusikia mikono inawasha.

Na huo uchafu kwenye habu? Ni kutu tu, kwani hukuwepo hata kabla ya matairi mapya?

Ulikuwepo. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, hata mafundi.

Uso wa habu ni ile sehemu bapa, yenye stadi zinazopokea nati, ambayo mgongo wa rimu unabanwa juu yake. Hewa yetu ya chumvi inaula uso huo. Rimu ya alumini nayo hutoa unga mweupe mahali inapogusana na chuma. Gurudumu likikaa miaka bila kutolewa, kutu na unga huo vinasagwa na kulaliana, kila kibonde kikapata kilima chake, na gurudumu linakaa sawa.

Siku ya matairi mapya gurudumu linang'olewa, mara nyingi kwa kupigwa teke au nyundo kwa sababu limeganda. Magamba ya kutu yanabanduka nusu na mengine yanabaki yamesimama. Kisha gurudumu linarudishwa likiwa limezungushwa stadi moja au mbili, au la kushoto linawekwa kulia. Vilima na vibonde havikutani tena. Gamba moja linatosha kuliinua gurudumu upande mmoja.

Hesabu yake ni hii. Sehemu ya rimu inayogusa habu ina upana wa kama milimita 140. Tairi lenyewe lina kipenyo cha kama milimita 630, mara nne na nusu. Gamba la nusu milimita pale katikati linakuwa zaidi ya milimita 2 za kuyumba huku kwenye ubavu wa tairi. Gurudumu linazunguka likichapa kushoto na kulia, na usukani unapokea kila pigo.

Nitatoa mfano wa gari moja lililofika kwetu, teksi ya hapa mjini ambayo dereva wake hupeleka watu Mambrui na Gongoni, hadi kwenye mashamba ya chumvi. Matairi mapya manne, balansi mara mbili kwenye duka lingine, na usukani bado unatetema kati ya 85 na 100. Bwana huyo alikuwa ameshashauriwa anunue matairi mengine.

Tuliinua mbele kwa jeki, tukaweka stendi chini, tukasimamisha bisibisi juu ya tofali ncha yake ikikaribia ubavu wa tairi, na kuzungusha gurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka vizuri. La kushoto lilikaribia bisibisi, likaachana nayo, likakaribia tena, kwa milimita 2 hivi. Tukasogeza bisibisi kwenye ukingo wa rimu: nao uliyumba, zaidi kidogo ya milimita moja. Kwa hiyo si mpira peke yake. Ama rimu imepinda, ama imekaa upande.

Tukaweka alama ya chaki kwenye rimu pale ilipotokeza zaidi, na nyingine kwenye stadi iliyokuwa karibu na pale. Tukatoa gurudumu, tukalizungusha stadi mbili na kulirudisha. Safari hii sehemu iliyotokeza haikuwa kwenye chaki ya rimu. Ilibaki karibu na stadi ileile. Rimu ilikuwa nzima, na shida ilikuwa upande wa habu. Tulipochungulia, kando ya stadi hiyo palikuwa na gamba la kutu limeshikilia kama kigaga kwenye kidonda, juu limesagwa likang'aa. Lilikwanguka kwa bisibisi. Tulisafisha habu zote nne na migongo ya rimu, tukafunga, na dereva akaenda nalo hadi Kilifi na kurudi. Vizito havikuguswa, matairi ni yaleyale.

Jaribio hilo la kuzungusha stadi mbili, kama alama ingefuata rimu ingekuwa nini?

Basi rimu imepinda, au mgongo wake ndio wenye uchafu. Safisha mgongo kwanza kabla ya kuilaumu rimu. Na kama ukingo wa rimu unazunguka sawa huku mpira peke yake ukiyumba, acha habu na uende kwenye swali la mstari wa ubavuni.

Habu isafishwe kwa nini? Nipake grisi ili isipate kutu tena?

Brashi ya waya, kisha msasa mgumu, hadi chuma kionekane kwenye uso wote na kuzunguka kila stadi, maana kutu hujificha mizizini mwa stadi ambako brashi pana haifiki. Mgongo wa rimu usafishwe vilevile, lakini alumini ni laini, usiipige grainda. Pitisha kidole chote kwenye uso: kidole kinasikia gamba ambalo jicho limeliruka.

Grisi usiipake kwenye uso wa habu wala kwenye stadi. Kwenye stadi inaifanya nati ibane kupita kiasi kwa nguvu ileile ya mkono. Unachoweza kupaka ni ukungu mwembamba tu kwenye ule mdomo wa katikati ya habu, unaoingia kwenye tundu la rimu, ili gurudumu lisigande. Mwembamba, maana ukizidisha joto litaipeleka kwenye diski.

Nimeambiwa niangalie mstari ulio ubavuni mwa tairi karibu na rimu. Ni wa nini?

Huo ni mstari mwembamba wa mpira ulioinuka, unaozunguka tairi karibu na mahali linapoingia kwenye rimu. Kazi yake ni kukuonyesha kama mdomo wa tairi, ule ukingo mgumu wenye waya ndani, umekaa mahali pake. Umbali kati ya mstari na ukingo wa rimu unapaswa kuwa sawa duara zima, pande zote mbili za gurudumu. Mahali mstari unapozama na kupotea ndani ya rimu, tairi halijapanda. Hapo gurudumu si duara, na hakuna kizito kitakachoponya hilo, hata kama mashine itasoma sifuri.

Kwetu chanzo huwa ni chumvi iliyokula ukingo wa ndani wa rimu, au tairi kupandishwa kavu bila kilainishi. Tairi litolewe upepo, mdomo ubanduliwe, rimu isuguliwe, kilainishi cha matairi kipakwe, kisha lijazwe tena. Kwa gari dogo usivuke 40 psi kulilazimisha likae. Likikataa, litoe upepo na upake upya. Waya wa mdomo unaweza kukatika na tairi likamrukia mtu usoni, na tairi ambalo waya umeguswa halitumiki tena. Dizeli na oili si kilainishi: zinakula mpira.

Halafu fundi ashushe upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Tunapokea magari yaliyoachwa na 40 psi dukani, yanadunda kwenye kila kiraka cha lami, na mwenyewe anasema ni balansi.

Nilifunga breki kwa nguvu siku ileile, na mtetemo ukaanza baadaye. Kuna uhusiano?

Upo. Kilainishi kikiwa bado kibichi, tairi linaweza kuteleza juu ya rimu ukikanyaga breki kwa nguvu au kuondoka kwa kasi. Vizito viko kwenye rimu, upande mzito uko kwenye tairi, na sasa haviangaliani tena. Piga mstari wa chaki unaovuka kutoka rimu hadi tairi, karibu na valvu, siku ya kufunga. Mstari ukikatika, tairi limeteleza. Balansi upya, na siku ya kwanza endesha taratibu.

Nukta nyekundu na ya njano kwenye tairi jipya?

Ya njano huonyesha upande mwepesi wa tairi, nayo huelekezwa kwenye valvu ili vizito vipungue. Nyekundu huonyesha mahali tairi lilipoinuka au kukaza zaidi, na kama rimu ina alama ya sehemu yake ya chini, nyekundu huwekwa hapo. Zikiwepo zote mbili, fuata nyekundu. Fundi akizipuuza gari si lazima litetemeke, ila atatumia vizito vingi zaidi.

Rimu zangu si za kiwandani. Hilo linahusu?

Linahusu sana. Habu za Toyota ndogo nyingi zina mdomo wa kati wa milimita 54.1. Rimu za kununua mara nyingi zina tundu la 67.1 au 73.1 ili ziingie magari mengi, na pengo hujazwa kwa pete ya plastiki au alumini. Pete hiyo ni nyepesi kupotea: inabaki imeganda kwenye habu, inavunjika, au inabaki sakafuni dukani. Ikikosekana, gurudumu linashikiliwa katikati na nati peke yake, na kama ya kwanza ilikazwa kabisa gari likiwa chini, gurudumu limeshakaa pembeni. Hesabu pete kabla na baada.

Hakikisha pia umbo la nati linalingana na rimu. Nati yenye kichwa cha koni haikai kwenye tundu bapa, na kinyume chake.

Nati zikazwe vipi?

Gurudumu likiwa juu, kaza zote kwa mkono, kisha kwa spana kidogo kwa kuruka upande wa pili kila mara, usizunguke kwa mfululizo. Shusha gari, malizia kwa mpangilio uleule. Toyota ndogo nyingi zinataka 103 Nm. Kama huna spana ya kipimo, kwenye mpini wa nusu mita hiyo ni kuuelemea kwa uzito wa kama kilo 21. Kijana wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo amekaza zaidi ya mara tatu. Stadi zinavutika, na diski inaweza kupinda, ndiyo ile tetemeko ya breki niliyoitaja juu. Bunduki ya upepo ni ya kutolea nati, si ya kumalizia. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Je, alaimenti itaondoa mtetemo?

Hapana. Alaimenti ikikosewa gari huvuta upande na matairi huliwa vibaya, lakini halitetemi kwa sababu hiyo. Ukiambiwa ulipie alaimenti kwa ajili ya mtetemo, uliza habu imesafishwa kwanza.

Niendelee nalo hivyohivyo? Labda litazoea.

Tairi lililokaa dukani muda mrefu likiwa limelaliwa linaweza kutetema mwanzoni na kupona likishapata joto, baada ya kilomita kumi au ishirini. Likifika Watamu na kurudi bado lile lile, halitazoea. Kama mtetemo unazidi kila siku, au unasikia mgongano gurudumuni, simama hapohapo ukague nati, usisubiri kufika gereji. Nati zilizolegea huanza hivyo hivyo.

Tumesafisha habu, mstari uko sawa, jaribio la nusu duara limepita, na bado.

Sasa ndipo umefika kwenye tairi lenyewe. Hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kitini, umo kwenye mojawapo ya magurudumu yaliyokuwa mbele. Liinue, lizungushe mbele ya bisibisi, angalia juu ya kashata za tairi safari hii, si ubavuni. Rimu ikizunguka sawa huku tairi likipanda na kushuka, lipandishwe upya likiwa limegeuzwa nusu duara juu ya rimu. Likiendelea, lirudishe dukani pamoja na risiti, na mwonyeshe muuzaji kwa bisibisi ileile. Mtetemo usipohama kabisa, yaache matairi: kagua beringi, boljointi na ekseli za mbele.